Kuzamisha Kisima Bila Kukiinamisha

Daraja la reli la Hardinge, karibu na Paksey nchini Bangladesh, lilifunguliwa Machi 1915. Mtu akisimama ukingoni mwa mto Padma huona mihimili mikubwa 15 ya chuma, kila mmoja una urefu wa mita 105 hivi, ikipokezana kutoka nguzo hadi nguzo mpaka ng'ambo. Nusu ya pili ya daraja haionekani. Chini ya nguzo kuna minara minene iliyoshuka zaidi ya mita 45 chini ya usawa wa maji ya kiangazi, na hakuna fundi aliyeteremka huko kuijenga. Ilijengwa juu, kipande baada ya kipande, ikawa inazamishwa kadiri inavyorefuka.

Wahandisi wa India na Bangladesh huuita msingi wa namna hii kisima, kwa sababu kwa umbo ni kisima hasa: ukuta wa duara wenye tundu katikati. Huku kwetu madaraja makubwa ya karibuni, kama lile la Kigongo–Busisi kwenye Ziwa Victoria, yamesimama juu ya mashimo yaliyotobolewa kwa mitambo na kujazwa zege, kwa hiyo si wengi waliowahi kuona kisima cha daraja kikizama. Kwenye mito ya Ganges na Brahmaputra, kazi hiyo imefanyika kwa miaka mingi na bado inafanyika.

Kinachowalazimisha kwenda chini kiasi hicho ni mchanga. Mito ile imelala juu ya mchanga mwororo wenye kina kirefu, na mafuriko ya monsuni yanapokuja, maji hayapandi tu, yanachimba pia. Kitanda cha mto kinachoonekana mwezi wa Februari kinaweza kuwa kimeondoka mita nyingi ifikapo Agosti, na kuzunguka nguzo kunachimbika zaidi, maana maji yanayoigonga hujizungusha na kuvuruga mchanga wa chini yake. Kwa hiyo mhandisi hukadiria kwanza mto utachimba mpaka wapi katika mafuriko mabaya kabisa, akipima kutoka usawa wa maji ya mafuriko, halafu huongeza theluthi ya kina hicho ili kisima kibaki kimeshikwa na udongo hata siku hiyo. Ndiyo maana visima vya mita 40 au 50 ni jambo la kawaida huko.

Uzamishaji wenyewe, kwa maelezo, ni rahisi. Chukua mkebe uliotobolewa kitako, usimamishe kwenye mchanga wa ufukweni, kisha uchote mchanga wa ndani kwa mkono huku ukiukandamiza kidogo: mkebe utashuka. Mtoni, mkebe ni ukuta wa zege lenye nondo, na kinachoukandamiza ni uzito wake wenyewe. Sehemu ya chini kabisa imechongwa kuelekea ndani, ikaishia kwenye makali ya chuma. Anayechota ni opereta wa kreni, kwa ndoo ya makucha inayoshuka wazi kupitia tundu, ikajifunga chini majini na kupanda na mchanga. Penye maji ya kina kifupi hujengwa kwanza kisiwa cha mchanga cha kuanzia kazi. Penye maji marefu, kitako cha chuma huelezwa mpaka mahali pake, kisha hujazwa zege hadi kikae chini.

Tuchukue kisima kimoja cha mfano, tukifuate. Upana wake kwa nje ni mita 8, ukuta una unene wa mita 1.2, na kinatakiwa kufika mita 40. Kila mita moja ya ukuta huo ina uzito wa tani 61 hivi. Ikizama majini, maji huibeba kiasi, na uzito unaobaki kuzamisha ni kama tani 36. Wakati huohuo mchanga wa nje umeubana ukuta na kuuzuia usishuke. Tukikadiria kwamba kila mita ya mraba ya ukuta inazuiwa kwa tani moja na nusu, basi kisima kikifika mita 20 kitakuwa kimebanwa kwa tani 750 hivi, na uzito wake wa kuzamia ni tani 720. Hapo kinasimama. Ndoo itachota, shimo la ndani litazidi kwenda chini, na kisima kitabaki kinaning'inia, kimeshikwa mbavuni na mchanga.

Hali hiyo ya kuning'inia ndiyo inayowatia watu haraka, na haraka ndiyo inayozaa ajali. Dawa zenye adabu zipo: kuongeza ukuta juu ili uzito ukue, kupakia vyuma au mifuko ya mchanga juu ya jukwaa, kurusha maji ya shinikizo kando ya ukuta kwa nje ili mchanga ulegee. Dawa ya mkato ni kupiga pampu maji ya ndani ya kisima. Maji ya nje, yakiwa juu kuliko ya ndani, huanza kupita kwa nguvu chini ya makali na kupanda ndani, na njiani huulegeza mchanga uliokuwa umekishika kisima. Mara nyingi kisima hushuka kweli. Lakini maji yakipungua kupita kiasi, mchanga wenyewe hubebwa, ukabubujika ndani ya tundu kwa mkupuo mmoja na kulijaza mita kadhaa. Kisima huporomoka, na hakuna anayeweza kusema kitaporomokea upande gani, kwa kuwa mchanga hautoki sawasawa pande zote. Aliye chini ya tundu wakati huo hana pa kukimbilia.

Hata bila pampu, kitu kilichoning'inia kinaweza kuachia ghafla. Wakati wa kujenga misingi ya daraja la Howrah mjini Kolkata, mwishoni mwa miaka ya 1930, uchimbaji wa usiku mmoja ulifikia mahali udongo wa chini ukakubali wote kwa pamoja. Msingi huo haukuwa kisima kimoja cha duara. Lilikuwa jengo la mstatili lenye urefu wa mita 55 na matundu 21 ya kuchimbia. Lote zima lilidondoka futi mbili, yaani sentimita 60. Mtikisiko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kipimo cha matetemeko kilichokuwa Kidderpore kiliuandika kama tetemeko la ardhi, na hekalu moja la Kihindu ukingoni mwa mto likabomoka. Baadaye lilijengwa upya.

Tukio la namna hiyo hukumbukwa kwa sababu ya kishindo chake. Tatizo linalowasumbua watu wa visima kila siku halina kishindo: kisima kuinama, na kisima kuhama. Kuinama ni kutoka kwenye wima. Kuhama ni katikati ya kisima kutoka mahali ilipochorwa kwenye ramani. Mara nyingi la kwanza huzaa la pili, kwani kisima kilichoinama hushuka kwa kufuata mhimili wake, na mhimili ulioinama hauelekei pale palipokusudiwa.

Kanuni za madaraja ya barabara nchini India humtaka msanifu ahesabu tangu mwanzo kwamba kisima kitainama kwa 1 kati ya 80, na kwamba kitahama kwa milimita 150. Maana yake si ruhusa ya uzembe. Ni kukubali kwamba mto hautoi kazi iliyonyooka kabisa. Lakini 1 kati ya 80 si ndogo. Kwenye kisima chetu cha mita 40, juu na chini vitatofautiana kwa nusu mita. Kama nguzo na daraja vinaleta mzigo wa tani 1,500, na mzigo huo hauangukii katikati ya kitako bali nusu mita kando, kitako kitaelemewa upande mmoja na kupata ahueni upande wa pili. Udongo wa upande ulioelemewa lazima ubebe ziada hiyo miaka yote ya daraja, pamoja na msukumo wa mafuriko.

Upimaji wa mwinamo hauhitaji mitambo ya ajabu. Kabla ya kuzamisha, ukuta hupakwa rangi kwa nje katika sehemu nne, kila sehemu ikiwa na vipimo vya sentimita kuanzia kwenye makali kwenda juu: A kwenye upande maji yanakotoka, C upande yanakokwenda, B na D kulia na kushoto. Mpimaji husimama mahali pasipotikisika, akasoma kwa mashine ya kupimia usawa ni alama ipi iko kwenye mstari mmoja kwa kila upande. Masomo manne yakilingana, kisima kiko wima.

Tuseme kisima chetu kimeshuka mita 5, na asubuhi masomo yanaonyesha kwamba A iko juu ya C kwa sentimita 9, na B iko juu ya D kwa sentimita 4. Kwa upana wa sentimita 800, mwinamo wa kufuata mto ni 1 kati ya 89, na wa kukata mto ni 1 kati ya 200. Ukitazama kila mmoja peke yake, hakuna cha kutisha. Lakini kisima hakiinami mara mbili. Kinainama mara moja, kuelekea kati ya C na D. Sentimita 9 na 4 zilizo katika pembe mraba hutoa karibu sentimita 10, na 10 kwa 800 ni 1 kati ya 80. Kisima kiko mpakani. Msimamizi anayeandika namba mbili kwenye daftari bila kuziunganisha anaweza kupeleka kisima kibaya mita kumi zaidi akidhani mambo ni shwari.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuacha kuongeza ukuta. La pili ni kutochimba tena katikati. Kreni inasogezwa ili ndoo iangukie karibu na ukuta kati ya A na B, yaani upande uliobaki juu, na mchanga uchukuliwe hapo tu. Makali ya upande huo yakikosa mchanga wa kuyategemeza, upande huo utashuka kuwafuata wenzake. Hapa ndipo mkono wa opereta unapoonekana. Ndoo haiwezi kuingia chini ya ukuta. Kitako kilichochongwa huizuia, kwa hiyo anachochota ni mchanga wa mbele ya makali, akingojea ule wa chini ya makali uteleze wenyewe. Anaweza kuchota ndoo nyingi na masomo yasibadilike hata sentimita. Kisha mchanga unateleza na A inashuka sentimita 4 kwa pigo moja. Ndiyo sababu masomo huchukuliwa kila baada ya ndoo chache, na ndiyo sababu msimamizi aliyezoea husimamisha kazi tofauti ikiwa imebaki sentimita 2 au 3, wala hangoji sifuri. Anayetafuta sifuri kwa ndoo ya mwisho mara nyingi huamka na kisima kilichoinama upande wa pili.

Mchanga ukigoma, huongezwa nguvu. Mirija ya maji ya shinikizo hushushwa kwa nje ya ukuta, upande wa A na B, ili mchanga unaoubana ulegee. Huchimbwa mchanga wa nje upande huohuo, kama kisiwa kinaruhusu. Mzigo wa juu husogezwa upande ulio juu ili ukandamize pale panapohitajika. Kisima huvutwa kwa kamba za chuma zilizofungwa juu, au upande kilikoinamia hutegemezwa kwa magogo na jeki ili kisiendelee. Njia hizi zote zina nguvu wakati kisima kingali kifupi. Kwenye mita 5, kinachokishika ni mkanda mdogo wa mchanga. Kwenye mita 25, udongo umekikumbatia pande zote kwa mamia ya tani, na mzigo wa tani 50 uliosogezwa mita 3 kutoka katikati hautaufanya ushtuke. Ukivuta juu kwa nguvu wakati huo, kisima kinaweza kujinyoosha kidogo huku mwili mzima ukisukuma mchanga na kusogea. Umepunguza kuinama ukanunua kuhama. Kwa maoni yangu, kisima hunyooka au huharibika katika mita zile za mwanzo, kabla kina hakijapita upana wake, na muda unaotumika hapo kuchimba polepole ndio wa bei rahisi kuliko wote katika mradi.

Kuna kosa moja linalofanywa na mafundi wazuri, tena kwa nia njema. Kisima kikiwa kimeinama, fundi anapokuja kuongeza kipande kipya cha ukuta hutoa timazi na kukisimamisha wima, maana ndivyo alivyofundishwa kujenga ukuta wowote. Matokeo ni kisima kilichopinda: chini kimeinama, juu kimesimama. Kikinyooshwa baadaye, sehemu ya juu ndiyo itakayoinama, na ule mpindo hautoki tena; kitu kilichopinda hukwaruza mchanga kila kinaposhuka na hakiendi sawa. Kwenye kisima, kipande kipya hufuata mstari wa kile cha chini hata kama mstari huo umelala. Fomu za zege hupangwa kwa rula ndefu inayoegemezwa kwenye ukuta wa zamani, na timazi hubaki mfukoni. Kwa sababu hiyo vipande huwa vifupi mwanzoni, mita moja na nusu hivi, na huachwa zege likomae kabla ya kuzamisha. Ukuta mrefu juu ya kitako ambacho bado hakijashikwa vizuri una uzito mkubwa juu na mizizi midogo chini.

Wakati mwingine lawama si ya ndoo. Mito ile hubeba magogo na kuyafukia, na makali yakikalia gogo upande mmoja, upande huo hugoma kabisa huku mwingine ukishuka. Dalili husomeka: masomo ya pande tatu yanabadilika na ya nne imekufa, ndoo inapanda na vipande vya mti mweusi, shimo la mbele ya makali linazidi na kisima hakiitiki. Hapo kuendelea kuchimba ni kukiinamisha kwa hiari. Mzamiaji hushuka ndani ya tundu, kwenye maji ya matope asimoona kiganja chake, akapapasa makali kwa mkono mpaka agundue kilichopo. Gogo hukatwa, jiwe huvunjwa au hulipuliwa kwa baruti kidogo sana ili kitako kisipasuke. Udongo mgumu wa mfinyanzi nao una tabia yake: husimama wima chini ya makali bila kuteleza, ndoo hupita katikati na kuacha ukingo upande mmoja, na kisima hukaa juu ya ukingo huo.

Mto wenyewe haukai kando. Kisima kilichofika mita 8 mwezi wa Mei, mvua za monsuni zikianza Juni, kinaweza kukuta mchanga wa upande wa A umechimbwa na mafuriko na ule wa C bado upo. Kinainama kuelekea maji yanakotoka bila mtu kugusa kreni. Ndiyo maana kazi nyingi huanza maji yakiisha kushuka, Novemba hivi, na mpango wa msimu huhesabiwa kinyumenyume: kila kisima kilichoanzwa lazima kifike kina cha kujihimili kabla ya mafuriko, na kama siku hazitoshi, hakianzwi.

Kuhama hupimwa kivingine. Ukingoni husimamishwa nguzo za zege zisizotikisika ambazo mahali pake panajulikana kwa usahihi, na kutoka hapo mpimaji hutafuta katikati halisi ya kisima kila kipande kinapoongezwa. Marekebisho yake ni magumu zaidi, kwani hakuna ndoo ya kuchotea kuhama. Njia inayotumika ni kukiinamisha kisima kwa makusudi ili kishuke kwa mshazari kikielekea mahali pake, kisha kukinyoosha. Hufanywa kwa sentimita chache tu na kina kikiwa kidogo. Zaidi ya hapo ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine. Kwenye daraja la reli, kuhama kwa kufuata njia ya reli ndiko kunakouma, maana mihimili ya chuma imetengenezwa kiwandani kwa urefu wake na haitasubiri nguzo iisogelee.

Makali yanapofika kina kilichopangwa, uchimbaji husimama. Kitako husafishwa, na zege hushushwa kwa bomba lenye mdomo uliozama ndani ya zege lililotangulia, ili maji yasilichanganye, mpaka sehemu ya chini izibike. Tundu hujazwa mchanga, na juu hufunikwa kwa kofia nene ya zege itakayobeba nguzo. Kabla ya kofia kumiminwa, masomo ya mwisho huwekwa mezani. Kama kisima chetu kimetua kikiwa kimeinama 1 kati ya 150 na kuhama milimita 110, msanifu ana nafasi aliyoiacha tangu mwanzo na kazi inaendelea. Kama kimepita mpaka, hurudia hesabu za shinikizo la kitako kwa namba halisi. Udongo ukiweza kubeba, kofia hupanuliwa upande mmoja ili nguzo isimame pale daraja linapoihitaji, hata kama kisima chenyewe hakipo chini yake barabara. Mkandarasi naye hukatwa sehemu ya malipo ya kuzamisha kisima hicho, kwa viwango vinavyopanda kadiri mwinamo unavyozidi. Udongo usipoweza, hubaki njia mbili, zote ghali: kubadilisha urefu wa mihimili ya pande zote mbili, au kuanza kisima kingine.